Makabidhiano ya michoro ya timu: niandike nini, niishie wapi?

"Wakuu, habari za jioni. Nahamia idara nyingine mwisho wa mwezi. Kwa miaka mitatu mimi ndiye natunza michoro ya mifumo ya timu yetu, iko kama 40, mingine ya draw.io, mingine ya PlantUML. Bosi anataka niandike waraka wa makabidhiano kwa atakayenipokea. Nimeanza kuorodhesha faili, lakini naona kama nahesabu tu vyombo. Aliyewahi kufanya hii kazi anisaidie: niandike nini, na niishie wapi?"

Mkuu, mimi nilianza upande wa kupokea, baadaye nami nikakabidhi. Niliachiwa folda yenye picha 31 za PNG na ujumbe wa mistari miwili: "Michoro yote iko humu. Ukikwama nipigie." Nilikwama wiki ya kwanza, na mwenyewe alikuwa ameshabadilisha namba.

Kazi iliyonikwamisha ilikuwa ndogo mno. Tulikuwa timu ya mfumo wa malipo kwa simu, na seva moja ilikuwa imeondolewa, kwa hiyo nilitakiwa nifute kisanduku kimoja na mishale yake miwili. Dakika tano. Lakini PNG ni picha tu, huwezi kushika kisanduku ukakisogeza. Nilitafuta chanzo chake siku mbili nzima. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya waraka wako isiwe orodha ya faili, iwe orodha ya ndoa: picha hii imetoka kwenye chanzo kile.

Kwa kila mchoro andika mambo manne. La kwanza, chanzo kiko wapi hasa, yaani njia kamili ndani ya repo, siyo "kwenye drive". La pili, picha yake imebandikwa wapi: kurasa za ndani za timu, mwongozo wa Word wa idara ya fedha, nyaraka walizopewa wakaguzi. Hili watu hulisahau, halafu mpokeaji anarekebisha chanzo vizuri kabisa huku watu wakiendelea kusoma nakala ya mwaka juzi. La tatu, nani anaujua mfumo wenyewe, maana mtunza michoro si lazima awe ndiye mjuzi. La nne ndilo linalohitaji kichwa chako wewe: lini mara ya mwisho ulikaa ukaulinganisha mchoro na mfumo unaofanya kazi. Tarehe ya kuhariri Git itamwonyesha. Lakini mchoro unaweza kuwa umehaririwa jana kwa kubadilisha rangi tu, na haujalinganishwa na ukweli tangu 2021. Tarehe hiyo haipo popote isipokuwa kwako.

Usikate tamaa mapema na picha zisizo na chanzo. draw.io ina kitufe wakati wa kutoa PNG, `Include a copy of my diagram`. Kikiwa kimewekewa tiki, mchoro mzima unafichwa ndani ya picha, na ukiifungua picha hiyo kwenye draw.io unahariri kama kawaida. PlantUML nayo huweka maandishi ya chanzo ndani ya PNG zake. Mimi niliokoa picha 19 kati ya zile 31 kwa njia hii:

```
grep -l -a -E 'mxfile|mxGraphModel' *.png
java -jar plantuml.jar -metadata malipo.png
```

Amri ya kwanza inakutajia picha za draw.io zenye chanzo tumboni, ya pili inakutolea maandishi ya PlantUML. Zile 12 zilizobaki zilikuwa zimekufa, na chanzo cha kifo kilijulikana: nyingine ni skrinshoti, nyingine zilitumwa WhatsApp kama picha, na WhatsApp ikishaibana picha hicho kilichofichwa hakibaki. (Ukituma kama dokumenti inafika salama.) Nilizichora upya, na jumapili zangu tatu ziliishia hapo. Pitisha amri hizo kwenye folda yako leo, ukiwa bado upo, ili zilizokufa uzitaje kwa majina.

Kwenye zana, jina la programu halitoshi. Andika toleo, fonti, na amri ile ile unayoiandika wewe. Sababu ni hii: PlantUML hupima upana wa kisanduku kwa fonti iliyopo kwenye mashine, na kwa michoro mingi, mbali na ile ya mfuatano wa ujumbe, vipimo hivyo huipa Graphviz ipange. Laptopu ya mpokeaji ikikosa fonti hiyo, au ikiwa na toleo jingine, mpangilio unahama. Mimi nilibadilisha neno moja nikatoa picha ambayo visanduku vyake vyote vilikuwa vimehamia pengine, na mkuu wa timu akadhani nimebadilisha mfumo. Matokeo ya `dot -V` na `java -jar plantuml.jar -version` yabandike yalivyo.

Kuna mtego mmoja wa PlantUML ambao nakuomba uutaje hata kama haujakupata. PNG yake ina kikomo cha pikseli 4096 kwa upana na urefu. Mchoro ukizidi hapo unakatwa, bila onyo lolote. Unaona picha safi, kumbe upande wa kulia seva mbili zimebaki nje. Ukiona mshale unaelekea ukingoni usifike popote, ndiyo hiyo. Dawa ni kuongeza kikomo au kutoa SVG:

```
PLANTUML_LIMIT_SIZE=8192 java -jar plantuml.jar malipo.puml
java -jar plantuml.jar -tsvg malipo.puml
```

Na kama mnatoa SVG kwenye draw.io halafu mtu anaibandika kwenye Word, andika kwamba maandishi yanaweza kupotea na mahali pake pakatokea `Text is not SVG - cannot display`. Ondoa tiki ya `Formatted Text` na `Word Wrap` kwenye maandishi ya visanduku, kisha toa upya.

Sasa kanuni za uchoraji. Hapa ndipo watu wengi huandika uongo bila kukusudia, kwa sababu wanaandika kanuni wanazozitamani badala ya zile zilizomo kwenye michoro. Nikupe kisa kimoja kilichotugharimu.

Kwenye malipo ya simu, seva yetu inatuma ombi kwa kampuni ya simu, mteja anaweka namba ya siri, halafu baada ya sekunde kadhaa kampuni ya simu yenyewe inaita anwani yetu na kutuletea majibu kama malipo yamepita. Ni miito miwili: wa kwanza tunaupiga sisi, wa pili wanaupiga wao. Mtangulizi wangu alichora mshale mmoja tu, kutoka kwetu kwenda kwao. Kwake mshale ulikuwa na maana ya "nani anaanzisha mazungumzo", na majibu aliyaona kama mwendelezo. Tulipohamia seva mpya, kijana wa mtandao aliutumia mchoro huo kufungua faiwali. Akafungua njia ya kutoka, ya kuingia hakuifungua, na hakukosea: mchoro ndivyo ulivyosema. Maombi yakatoka vizuri, wateja wakakatwa pesa, na kwetu kila muamala ukabaki "unasubiri". Tuliligundua kwa kuangalia kumbukumbu za seva: maombi yanayotoka yapo, yanayoingia kutoka kwao hakuna hata moja. Njia ilifunguliwa baada ya saa moja na nusu, ila kupatanisha ile miamala ilichukua siku nne.

Baada ya hapo niliandika kwenye waraka wangu sentensi moja: mshale unatoka kwa anayepiga, unaelekea kwa anayepigiwa, na kila mwito una mshale wake hata kama majibu ni ya ombi lile lile. Chini yake, na hii ndiyo muhimu zaidi, nikataja michoro saba ambayo bado ilikuwa inafuata desturi ya zamani. Kanuni ikiandikwa bila orodha ya michoro inayoivunja, mpokeaji atasoma ile saba kwa kanuni mpya na atapotea akiwa na uhakika.

Mistari ya nukta nukta iangalie kwa jicho hilo hilo. Kwetu, kwenye michoro ya kabla yangu ilimaanisha "bado haijajengwa", kwenye ya baadaye ikamaanisha "ujumbe unapitia kwenye foleni". Mgeni hawezi kujua hilo kwa kutazama. Rangi kwa upande wangu nilizipa mstari mmoja tu, maana hazikuwahi kumuumiza mtu.

Kasoro zinazojulikana ziweke kwenye ukurasa wao, na uziandike bila aibu. Najua unakabidhi kazi yako na hutaki ionekane ina mashimo, lakini mpokeaji atayakuta tu, tofauti ni kwamba atayakuta usiku mfumo umelala. Kila kasoro iseme mchoro unaonyesha nini, ukweli ni upi, na atakayeuamini atadhurika vipi. Mfano wa kwangu: "Mchoro wa kanzidata unaonyesha nakala ya akiba. Nakala hiyo ilizimwa. Usipange kuhamia huko kanzidata kuu ikianguka. Tumia chelezo za usiku." Ukiandika "mchoro wa kanzidata umepitwa na wakati" hujamsaidia, kwa sababu hajui aamini kipande kipi na aache kipi. Zipange kwa madhara, siyo kwa alfabeti. Herufi iliyokosewa kwenye kichwa cha mchoro ikae chini kabisa, au iache.

Kuhusu uishie wapi: usijaribu kuirekebisha yote 40 kabla ya kuondoka. Utarekebisha kumi kwa haraka, utaongeza makosa mapya ambayo hata wewe huyajui, na waraka utabaki nusu. Mchoro ambao hakuna anayeusoma tena uhamishie folda ya kumbukumbu na uandike sababu. Mimi nilihamisha tisa, na ni mmoja tu uliokuja kuulizwa.

Halafu siku tano au sita kabla ya kuondoka mpe mpokeaji kazi moja halisi, aongeze kisanduku kimoja, atoe picha, aibandike kila inapotakiwa, kwa kufuata waraka peke yake. Wewe kaa pembeni, mikono mapajani, usiseme kitu. Yule dada aliyenipokea alikwama mara mbili: fonti niliyoitaja haikuwemo kwenye mashine yake wala sikuandika inapatikana wapi, na hakuwa na ruhusa ya kuhariri ukurasa mmoja wa idara ya fedha. Ruhusa hiyo ilichukua siku tatu kupatikana, na ilihitaji sahihi yangu.