Kutoa sekunde 60, 30 na 15 kwenye video moja ndefu

"Wakuu, nina video ya dakika 4 ya mteja anayeuza pampu za maji za sola. Anataka na za sekunde 60, 30 na 15 za Instagram, TikTok na YouTube. Ya 60 imetoka poa, ila ya 30 na 15 kila nikipunguza zinakuwa kama kitu kimekatika njiani. Natumia DaVinci Resolve ya bure."

Mkuu, shida iko kwenye hilo neno "nikipunguza". Ya 60 inaweza kutoka kwenye dakika 4 kwa kupunguza, kwa sababu sekunde 60 bado zinabeba kisa kizima: tatizo la mkulima, pampu ikifanya kazi, ushuhuda, bei na mahali pa kununua. Sekunde 30 hazibebi vyote hivyo. Ukilazimisha, kila kipande kinabaki na sekunde sita sita na hakuna kinachoeleweka. Kwenye ya 30 chagua hoja moja na uithibitishe. Kwenye ya 15 weka dai moja na picha moja ya kulionyesha, basi.

Kwa hiyo ya 30 itoe kwenye ya 60, lakini ya 15 usiitoe kwenye ya 30. Rudi kwenye klipu zote za mahojiano na za pampu, uijenge upya. Sentensi fupi yenye nguvu kuliko zote mara nyingi uliitupa ulipokuwa unahariri ile ndefu, maana pale ilionekana inarudia jambo lililokwisha kusemwa.

Kabla ya kugusa taimulaini, andika maneno yote ya mahojiano kwenye karatasi. Msimulizi anayezungumza Kiswahili kwa utulivu anatumia kama maneno mawili kwa sekunde. Ukiacha nafasi ya sauti ya maji na ya kadi ya mwisho, ya 30 inabaki na maneno kama 50, na ya 15 kama 18. Hesabu kwanza, ndipo ukate. Ukiona una maneno 40 kwenye ya 15, usiongeze kasi ya sauti. Toa hoja nzima.

Tuchukue mfano wa sentensi ya mkulima kama huyo wa kwako: "Mwanzo nilikuwa nanunua petroli kila siku, unajua petroli yenyewe ilivyo, nikaona bora ninunue hii, na kwa kweli inavuta vizuri, mpaka sasa sijanunua tena petroli." Hiyo peke yake inakula kama sekunde 12. Kwa ya 15 chukua mwanzo na mwisho tu: "Nilikuwa nanunua petroli kila siku... mpaka sasa sijanunua tena petroli." Sasa angalia mambo matatu hapo. Kwanza, "kila siku" ameitamka sauti ikiwa juu, kwa sababu alikuwa anaendelea kusema. Ukikata hapo na kuweka kimya, sikio linasubiri. Ndiyo hicho unachokisikia kama kitu kilichokatika. Kipande cha pili lazima kifuate mara moja, bila pengo. Pili, kiungo kifunike kwa picha ya pampu inayoanza nusu sekunde kabla ya mkato, na sauti za vipande viwili uziunganishe kwa mpishano wa fremu mbili au tatu, la sivyo mlio wa upepo wa shambani utaruka. Tatu, usitoe "mpaka sasa". Unaokoa kama sekunde moja tu, lakini unamfanya mtu aahidi kitu ambacho hakukiahidi.

Kuwa makini pia na maneno kama "inavuta vizuri". Kwenye video ndefu pampu ilishatajwa, kwa hiyo "inavuta" inaeleweka. Kwenye fupi pampu haijatajwa na mtazamaji hajui kinachovuta ni nini. Ukiitumia sentensi hiyo, pampu lazima iwe kwenye skrini wakati huohuo.

Ya 15 ikishajengwa inakuwa hivi: sekunde 2 za maji yakitoka kwenye bomba, karibu kabisa, na sauti yake halisi. Sekunde 5 za mkulima. Sekunde 4 za bei na namna ya kulipia, ikisomwa na msimulizi huku imeandikwa. Sekunde 4 za kadi yenye jina na namba ya simu. Usipunguze kadi. Namba ya simu chini ya sekunde 3 haisomeki, na hapo tangazo limekosa kazi. Nembo kuzunguka mwanzoni kwenye toleo fupi ni kupoteza muda. Kwenye YouTube matangazo mengi yanarukika baada ya sekunde 5, kwa hiyo maji na maneno ya kwanza ya mkulima ndani ya hizo 5 ndiyo biashara yenyewe.

Muziki ndiyo unaosaliti mikato. Watu wengi wanaufifisha kwenye sekunde ya 15, nao unasikika kama redio imezimwa. Chukua mwisho halisi wa wimbo, ule mpigo wa kumalizia, uuweke mwisho wa taimulaini, kisha mwanzo wa wimbo uuweke mwanzo. Viunganishe katikati, kwenye pigo la kwanza la mzunguko, chini ya maneno ya mtu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua wimbo, tafuta wenye mapigo 128 au 96 kwa dakika. Kwa 128, mizunguko minane ya mapigo manne inatimia sekunde 15 kamili. Kwa 96, ni mizunguko sita. Ya 30 na ya 60 zinafuata zenyewe kwa kuzidisha.

Kuhusu umbo la wima: nakili taimulaini kwa `Duplicate Timeline`, fungua `Timeline Settings`, ondoa tiki ya `Use Project Settings`, weka 1080 x 1920. Kasi ya fremu haibadiliki baada ya taimulaini kuwa na klipu, hivyo iamue mapema. Kama ulirekodi 4K, kipande cha wima ndani yake kina upana wa pikseli 1215, unakata bila hasara. Kama ni 1080 ya kawaida, kipande hicho kina pikseli kama 607 tu, kitalainika ukikikuza. Picha pana za shamba hapo zitaonekana mbovu kuliko uso wa mtu, kwa hiyo tumia za karibu. `Smart Reframe` haipo kwenye toleo la bure, kuza kwa `Zoom` hadi picha ijaze fremu, kisha sogeza mwenyewe kwa `Position X` shoti kwa shoti. Maandishi usiyapeleke theluthi ya chini, maelezo na vitufe vya programu vitayafunika, na ukingo wa kulia vilevile. Yapange upya kwa toleo la wima, usiyasukume tu.

Mwisho, urefu. Mifumo inayodai sekunde 15 haina huruma na fremu moja ya ziada: kwa fremu 25 kwa sekunde inasoma 15.04. Hata ukikata sawasawa kwenye 15:00, sauti ya AAC inajazwa hadi pakiti ya mwisho itimie, na faili linatoka na sekunde 15.02 hivi. Weka alama ya kutokea kwenye 14:22, isipokuwa kituo cha televisheni kimetaka kamili. Kisha pima faili lililotoka, siyo taimulaini:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration -of csv=p=0 pampu_15_wima.mp4
```

Ikitoa chini ya 15, pakia. Ikizidi, usikate faili hilo na programu ya simu, rudi kwenye taimulaini utoe fremu mbili kwenye kadi na urenda upya.