Barua ya kumtoa mtoto bweni kwenda kliniki

"Mimi ni shangazi yake, si mzazi. Barua kwa mwalimu mkuu niiandikeje wamruhusu aende kliniki ya macho?"

Weka saa ya kumchukua na saa ya kumrudisha. Hiyo ya pili wengi huisahau. Mfano: "Naomba kumchukua mtoto wa kaka yangu, wa S.3, Jumanne saa 3 asubuhi. Miadi ni saa 5, nitamrudisha kabla ya saa 11 jioni." Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki. Kama jina lako halimo kwenye kadi ya kutembelea wanafunzi, baba yake aandike mstari wa idhini, atie sahihi na namba ya simu. Nimekuwa metroni huku Masaka miaka 6, na walezi wengi tuliwazuia getini kwa kukosa mstari huo. Beba kitambulisho cha taifa.

— Kwetu baba alipiga simu tu, wakamtoa.

— Labda metroni aliijua sauti yake, ndugu. Zamu ikibadilika, askari wa geti anataka karatasi yenye sahihi ya mwalimu mkuu.

— Na wa kutwa je? Wangu ana miadi ya meno.