Kabla ya kutoa data ya jenomu: anza na safu za umri na wadi

DNA ya watu 99 kutoka Webuye, kaunti ya Bungoma, iko wazi kwenye intaneti, na yeyote anaweza kuipakua bila kuomba ruhusa. Ni sehemu ya mradi wa 1000 Genomes, ambao kwenye faili zake kundi hilo huandikwa `LWK`. Waliotoa sampuli waliridhia ziwekwe wazi. Kinga yao kubwa ni kwamba mradi haukukusanya habari za magonjwa yao. Anayefungua faili anaona namba ya sampuli, jinsia na jamii, basi.

Utafiti wa hospitalini ni tofauti, kwa sababu ugonjwa ndio uliowaleta watu. Tuseme mnachunguza selimundu kwa watoto 240 wa kaunti ya Kisumu, wenye umri wa chini ya miaka 15, na sasa jarida au mfadhili anataka data ishirikishwe. Majina yameondolewa na kila mtoto amepewa namba. Wengi huishia hapo wakiamini kazi imekwisha, ilhali hapo ndipo inapoanza.

Hesabuni vyumba. Kisumu ina wadi 35. Mkiacha safu za wadi, jinsia na mwaka wa kuzaliwa, mna vyumba 35 × 2 × 15, yaani 1,050, vya kugawanya watoto 240. Wengi watakaa peke yao chumbani. Jirani anayejua kwamba mtoto fulani wa Ahero aliyezaliwa 2016 hulazwa mara kwa mara hahitaji maabara: anasoma mstari mmoja, na DNA yote iliyo mbele yake inakuwa na mwenyewe. Mkiandika kaunti badala ya wadi, na umri kwa makundi ya miaka mitano, vyumba vinabaki 6, na kila kimoja kina watoto 40 hivi kwa wastani. Wastani unaweza kuficha pembe tupu, kwa hivyo jaribuni kila mstari. Ikiwa safu B ni eneo, C kundi la umri na D jinsia, fomyula hii inaonyesha ni watoto wangapi wanafanana na yule wa mstari wa pili:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,C:C,C2,D:D,D2)
```

Ivuteni hadi chini. Penye 1 au 2 pana mtu anayeonekana. Unganisheni makundi hadi namba ndogo zitoweke; sisi hatushuki chini ya 5, na kwa ugonjwa wenye unyanyapaa tunataka 10. Tarehe za kulazwa zisogezwe kwa idadi ya siku isiyotabirika, ile ile kwa tarehe zote za mtoto mmoja, ili muda kati ya kulazwa mara moja na nyingine usiharibike. Namba ya mshiriki nayo isitengenezwe kutokana na kitambulisho cha mzazi, hata kwa kuisokota kihesabu. Kitambulisho cha tarakimu nane kina uwezekano milioni 100 tu, na kompyuta ya kawaida inaweza kuujaribu wote.

Kufuta safu hakufuti kilichomo ndani ya DNA. Jinsia inasomeka humo humo, na undugu vilevile: watoto wawili wa mama na baba mmoja hulingana kwa takriban nusu ya jenomu yao. Akijulikana mmoja, ndugu yake amejulikana. Ndiyo sababu faili ya mtu mmoja mmoja haifai kuwekwa wazi katika utafiti kama huu, hata jedwali likisafishwa vipi.

Je, tukitoa wastani tu? Jibu lilikuja mwaka 2008, watafiti wakiongozwa na Homer walipoonyesha kwamba hata jedwali la viwango vya jeni linaweza kumfichua aliyemo. Chukueni sehemu moja ya DNA ambapo herufi fulani inapatikana kwa asilimia 30 katika jamii, na asilimia 32 kwa wagonjwa wenu. Mtu mwenye herufi hiyo kwenye nakala zake zote mbili ana 100. Yuko mbali na jamii kwa 70, na mbali na wagonjwa kwa 68, kwa hivyo ameegemea upande wa wagonjwa kwa 2. Sehemu moja haisemi kitu, kwani ni bahati tu. Lakini kama yumo kweli, yeye mwenyewe amechangia nakala 2 kati ya 480 katika kila wastani, na mvuto huo mdogo unaelekea upande ule ule. Ukijumlishwa kwenye maelfu ya sehemu, unaonekana. Kundi likiwa dogo, mvuto wa kila mmoja ni mkubwa zaidi.

Shambulio hili lina mipaka. Mshambulizi lazima awe na DNA ya mtu huyo tayari, na viwango vya jamii inayofanana naye. Akilinganisha na viwango vya Wazungu, karibu kila mtu wa Kisumu ataonekana kuwa mgonjwa wenu. Dalili ya kosa hilo ni kwamba kipimo kinasema ndiyo hata kwa watu wa eneo hilo wanaojulikana hawakushiriki. NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, iliondoa majedwali hayo hadharani mwaka huo wa 2008, ikayafungua mengi tena 2018, ila yanayohusu jamii au magonjwa nyeti. Kwa watoto 240 wa kaunti moja tungeyaweka nyuma ya mlango.

Mlango huo ni ufikiaji kwa idhini. Data hukaa kwenye hifadhi kama EGA au dbGaP, na kamati husoma ombi: nani anaomba, kwa swali gani, taasisi ipi inatia sahihi. Mkataba unakataza kujaribu kumtambua mshiriki na kumpa mtu mwingine faili, na unadai data ifutwe muda ukiisha. Lakini huo ni mkataba tu. Faili ikishapakuliwa, hamna namna ya kuona inafanyiwa nini. Penye uwezo, ni afadhali mtafiti aje kufanyia kazi ndani ya seva yenu, atoke na matokeo tu, na hayo matokeo yakaguliwe kwa namba ndogo kama jedwali lile. Kamati nayo isikae miezi bila kujibu, maana watafiti huanza kupeana data kwa flashi, na hapo hakuna tena anayejua iko kwa nani.

Kamati haiwezi kuruhusu kilichokosekana kwenye ridhaa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu data ya jeni kuwa nyeti, na kuichakata nje ya Kenya kunahitaji ridhaa ya mwenyewe pamoja na kinga za kutosha. Kwa hivyo fomu, iwe ya Kiswahili au Kidholuo, iwe na visanduku tofauti: utafiti wa selimundu pekee, magonjwa mengine, kuhifadhiwa nje ya nchi. Majibu hayo yawe safu kwenye jedwali lenu, ili mtoto ambaye mzazi alikataa kisanduku cha tatu aondolewe kabla faili haijatumwa. Msiandike "hakuna atakayekujua kamwe." Andikeni kwamba jina limeondolewa, kwamba uwezekano wa kutambuliwa ni mdogo lakini upo, na unawagusa pia ndugu wa damu. Semeni wazi kwamba mzazi akijitoa, data haitapewa waombaji wapya, ila nakala zilizokwisha kutoka huenda zisirudi. Na kwa kuwa hawa ni watoto, pangeni tangu sasa jinsi mtakavyowapata wakifika miaka 18, wajibu maswali hayo wao wenyewe.