Defender ilisema laptopu ni safi, kumbe ilikatazwa kuangalia

Laptopu yetu tunaitumia watu watano, na kwa wiki nzima feni yake ilikuwa ikivuma hata kama hakuna aliyefungua kitu. Niliskani kwa Microsoft Defender, ile kinga inayokuja bure na Windows 10 na 11, mara mbili. Majibu yakawa yale yale: hakuna tishio.

Nikapakua Malwarebytes ya bure kutoka tovuti yao wenyewe. Ikaskani, ikakamata faili mbili ndani ya folda ya Downloads ya kijana wangu. Nilimwuliza kwa upole, akaeleza: alitaka programu ya kumsaidia kushinda mchezo, na maelekezo yake yalimtaka kwanza aiambie Defender isiiguse folda ile. Akafanya hivyo, kwa sababu wote tulikuwa tukitumia akaunti moja yenye mamlaka yote.

Ukiona dalili lakini Defender haioni kitu, anzia hapa: fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, bonyeza Manage settings, kisha shuka hadi Exclusions na ubonyeze Add or remove exclusions. Chochote kilichoandikwa hapo Defender inakiruka. Kama hukukiweka wewe na hujui kazi yake, kiondoe, halafu rudi nyuma hadi ukurasa wa Virus & threat protection, chagua Scan options na uendeshe Full scan. Inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo chomeka chaja. Sisi baada ya kufuta ile folda kwenye orodha, Defender yenyewe ilipata nakala nyingine iliyokuwa imebaki.

Usiishie kwenye kufuta faili. Programu za aina hii mara nyingi huiba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, hivyo tulibadilisha ya kila mmoja, tukianza na barua pepe, tena kwa kutumia simu, siyo laptopu ile.

Kilichobaki kilikuwa akaunti. Kwenye Settings, sehemu ya Accounts, kila mtu nilimfungulia yake ya aina ya Standard User, na ile ya Administrator nikabaki nayo mimi na nenosiri lake. Mwenye Standard User hawezi kuongeza kitu kwenye Exclusions bila nenosiri langu. Kwa familia, naona hili lina nguvu kuliko kubadilisha kinga moja kwa nyingine.

Je, uongeze kinga nyingine ya bure ya kudumu? Mimi sikuongeza. Ukiweka nyingine, kwa kawaida Defender hujizima, na zile za bure nyingi hukuletea matangazo ya kununua toleo kamili, ambayo mtoto anaweza kuyabonyeza. Malwarebytes nimeiacha kama jicho la pili, naiendesha mwenyewe mara moja kwa mwezi. Ikikupa jaribio la siku 14 la toleo la kulipia, linapokwisha huwa haikulindi tena muda wote, inaskani tu unapoiamuru. Siku hiyo fungua Windows Security uhakikishe Real-time protection ya Defender imewashwa.