Kuzuia mpira laini usiruke juu

"Nikicheza kriketi nashika gongo kwa nguvu zote, lakini kila nikizuia mpira wa tenisi unaruka juu na kudakwa. Nakosea wapi?"

Kosa liko katika mkono wa chini. Kama unatumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto, ambao ndio wa juu, ushike mpini kwa uthabiti na kuliongoza gongo, na wa kulia ulishike kwa kidole gumba na vidole viwili tu, kwa wepesi. Ukiukaza, unausukuma uso wa gongo mbele na juu, na mpira laini, ambao hudunda sana, hupaa mara moja.

Huenda umeshauriwa upanue miguu. Upana wa mabega unatosha, magoti yakikunjwa kidogo, kwani ukizidisha utachelewa kupiga hatua.

Mpira unapodunda karibu nawe, tanguliza kichwa na bega la kushoto, kisha mguu wa kushoto uvifuate hadi karibu na pale mpira unapodundia. Inua kiwiko cha kushoto ili uso wa gongo uinamie chini, na uungoje mpira ufike chini ya macho yako, gongo likiwa sambamba na mguu ili mpira usipenye katikati.

Mwombe mwenzako akurushie mipira 12 kutoka chini ya bega. Mpira ukianguka hatua moja au mbili mbele yako, mkono umelegea vya kutosha. Mpira ukiruka juu, tazama kwanza kama uliufuata mbele mno, kabla ya kuulaumu mkono.