Floti ikikamilika ndo basi?

"Wakuu, nimehesabu keshi ndogo ya ofisi, vocha za malipo na keshi iliyobaki vimejumlika 50,000 sawa na floti iliyotengwa, je nifunge ripoti?"

Usifunge bado mkuu. Jumla kukaa sawa inakuambia tu hesabu imefika, haikuambii vocha zenyewe ni halali. Chukulia umekuta vocha za 32,500 na keshi 17,500, safi kabisa, sasa zipange vocha kwa namba na tarehe halafu uzilinganishe na zile zilizoambatanishwa kwenye maombi ya mwisho ya kurudishia floti. Ukikuta moja ya 4,000 ilishalipwa kwenye duru iliyopita, itoe. Unabaki na 28,500 + 17,500 = 46,000, yaani 4,000 haipo, na ile vocha ya zamani ndo ilikuwa inaziba pengo.

Dalili zake ni namba inayoruka nyuma, tarehe ya kabla ya floti kurudishiwa, au tundu za stepla kwenye karatasi inayodaiwa ni mpya. Ndo maana vocha ikishalipwa inatakiwa igongwe muhuri wa IMELIPWA palepale, isiweze kurudi tena, na kwa kweli ofisi isiyogonga muhuri mi siiamini hata jumla ikae sawa kila mwezi.

Na vile vikaratasi vya "nimechukua 2,000 nitarudisha" visihesabiwe kama vocha hata kidogo, viandike pembeni kama deni la mtu, na anayetunza keshi awepo wakati unahesabu kisha asaini.