Wadogo zangu wa iNaturalist, mgongo wa ndege hautoshi

Nimekaa nikapitia rekodi ambazo kundi jipya la vijana wa Arusha na Moshi wamepakia iNaturalist, ule mtandao wa kupakia picha za viumbe na kusaidiana kuwatambua, nikawa nacheka huku nimeshika kichwa. Kuna ndege aina ya kipozamataza aliyepigwa picha kwa nyuma, kichwa kimezama kwenye majani. Kuna jakaranda ya pembeni mwa barabara ya mjini imewekwa kana kwamba imejiotea yenyewe. Na kuna kinyonga ambaye, ukifuata ramani, makazi yake ni sebuleni kwa mtu pale Majengo. Makosa haya ni yale yale ya miaka yote, na naona kila kundi linayaanza upya. Basi someni, halafu mkanune pembeni.

1. Piga picha ya kile kinachomtofautisha mnyama, hata kama picha yenyewe haivutii.

Nianze na huyo kipozamataza, maana ndiye anayewatesa wengi. Mnajua ile mbuga ya nyasi fupi ukiipita Oldonyo Sambu kwa barabara ya Namanga. Pale kuna Chersomanes beesleyi, ndege aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye nyanda hizo za kati ya Meru na Kilimanjaro. Ndugu zake wa karibu wako huko kusini mwa Afrika. Kwa hiyo kila anayeshuka kwenye gari anamtaka yeye, na kila kitu cha kahawia kinachokimbia chini kinageuka kuwa yeye.

Tatizo ni kwamba mbuga hiyo hiyo ina vipozamataza wengine. Yuko Calandrella cinerea, mwenye utosi mwekundu wa kutu, ambao makinda wake hawana. Yuko pia Spizocorys fremantlii, ambaye naye ana mkia mfupi kama beesleyi. Ukiwatazama mgongoni wote ni kahawia yenye michirizi, na hakuna mhakiki mwenye akili timamu atakayekupa jina kwa mgongo.

Anachokitafuta mhakiki ni mdomo kwanza. Wa beesleyi ni mrefu, mwembamba, umepinda chini kidogo. Wa fremantlii ni mnene, rangi yake imepauka, na chini ya jicho ana alama nyeusi inayoonekana wazi. Baada ya mdomo anatafuta mkia, kwa sababu wa beesleyi una ncha nyeupe, ila unaiona vizuri pale ndege anaporuka tu. Cha mwisho ni ukucha wa kidole cha nyuma, ambao ni mrefu na karibu umenyooka, kama nyasi zitakuruhusu kuuona. Kwa hiyo unahitaji picha ya ubavuni inayoonyesha mdomo wote tangu shina hadi ncha, kisha endelea kubonyeza mpaka aruke. Ile ya kuruka itakuwa na ukungu na utaiona aibu kuipakia. Ipakie. Picha iliyofifia yenye ncha nyeupe ya mkia ina thamani kuliko mgongo uliotulia kama picha ya pasipoti.

Nendeni asubuhi na jua liwe nyuma yenu, maana ikifika saa nne ardhi imeshapata moto, hewa inatetemeka, na hakuna lenzi itakayowaokoa. Pigeni ya kwanza mkiwa mbali kabla ya kusogea. Msimfukuze.

2. Usibonyeze Agree kwa sababu mahali panafanana na jina.

Hapa naongea kwa uchungu kwa sababu aliyefanya hivyo ni mimi, na wakati huo nilikuwa tayari najiita mzoefu.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza nasi alipakia rekodi kutoka mbuga ile ile, picha mbili, jina Chersomanes beesleyi. Picha ya kwanza ilikuwa mgongo na mkia mfupi. Ya pili nilidhani ni kama ya kwanza, sikuifungua kwa ukubwa wake. Nilikuwa kwenye Noah, bando linakaribia kwisha, na kichwani nikajisemea: mahali ndipo, mkia mfupi upo, dogo kajitahidi, nimpe moyo. Nikabonyeza Agree. Papo hapo rekodi ikawa Research Grade, daraja la rekodi ambayo jina lake limekubaliwa.

Mnajua kwa nini ilipanda upesi hivyo. Rekodi ikishakuwa na picha, tarehe na mahali, na kiumbe akiwa wa porini, inahitaji angalau watu wawili, na waliokubaliana wawe zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa jina. Mwenye rekodi anahesabiwa. Kwa hiyo yeye na mimi tulitosha. Hakuna bodi ya maprofesa inayokaa mahali kupiga muhuri. Muhuri ulikuwa kidole changu kwenye kioo cha simu. Na rekodi ya Research Grade, kama leseni yake inaruhusu, inachukuliwa na kupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe, ambako watafiti wanapakua data bila kukuuliza ulikuwa unawaza nini ndani ya Noah.

Baadaye alitokea mhakiki anayewafahamu vipozamataza vilivyo. Akafungua ile picha ya pili, akaikuza, akaandika mistari miwili tu: ndege amegeuza kichwa kidogo, mdomo ni mnene na umepauka, na kuna weusi chini ya jicho. Akaweka Spizocorys fremantlii. Nikafungua na mimi. Weusi ule ulikuwa pale pale, hauhitaji darubini, hauhitaji hata miwani.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu hamuelewi. Mtaalamu hana kura nzito kuliko yako. Kura yake ni moja, na yako uliyobonyeza kwa huruma ni moja. Tulikuwa wawili tuliokosea na mmoja aliyepatia. Wawili kati ya watatu ni theluthi mbili kamili, wala si zaidi, kwa hiyo rekodi ilishuka ikawa Needs ID, yaani bado inasubiri jina, na jina likarudi juu mpaka kwenye familia, Alaudidae. Na kama sisi wawili tungebaki na ubishi wetu, ingehitaji watu watano wenye jina sahihi kutushinda, kwa sababu wanne kati ya sita ni theluthi mbili ile ile tena. Hebu fikirieni, watu watano wanaowajua vipozamataza wa Afrika Mashariki utawaokota wapi?

Nikabonyeza Withdraw kwenye jina langu, nikaangalia upya, nikaweka fremantlii. Tukawa wawili tuliopatia na mmoja aliyekosea, bado haitoshi. Yule kijana angeondoa jina lake mambo yangeisha siku ile ile. Nilimtafuta. Alikuwa amebadilisha simu, amesahau nywila, na barua pepe aliyojisajilia ilikuwa ya binamu yake. Ikabidi tusubiri mtu wa tatu apite mwenyewe, na katika kusubiri huko kila nikifungua ukurasa wangu naikuta ile rekodi na jina langu pembeni, limechorwa mstari katikati, kila mtu analiona.

Siku hizi kabla ya kukubali najiuliza swali moja: ningeonyeshwa picha hii bila ramani, ningesema nini? Kama jibu ni "kipozamataza fulani", naweka Alaudidae na kumwachia mwingine. Kuishia kwenye familia au jenasi si fedheha. Hata jina la kwanza kwenye orodha ya mapendekezo ya programu lisiwatie kiwewe, limekuja tu na fununu ya picha na mahali kama nilivyokuja nayo mimi.

3. Picha za WhatsApp ndizo zinazowahamishia kinyonga sebuleni.

Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inavuliwa tarehe na mahali ilipopigwa. Kinachofuata mnakijua: unaipakia usiku ukiwa nyumbani, pini unaiweka ulipo, tarehe unaweka ya leo. Kama ni lazima itumwe, itumwe kwa kuchagua Document, hapo taarifa zake zinabaki. Ila bora zaidi aliyepiga apakie mwenyewe kwenye akaunti yake, maana picha ya mtu si yako hata kama ni rafiki yako wa damu.

Na ninyi mnaoongoza watalii, acheni kubandika pini kwenye loji kwa sababu ndipo penye Wi-Fi. Huku kwetu ardhi imeinama. Ukikosea kilomita chache kwenye mteremko wa Kilimanjaro umemtoa chura kwenye migomba ukamweka msituni, na mhakiki anayejua miinuko ataligundua hilo kabla hajamtazama chura. Kama hukumbuki mahali hasa, panua ile duara ya usahihi mpaka iguse kila mahali ulipoweza kuwa. Duara kubwa ya kweli inamsaidia mtafiti kujua aitumie vipi, lakini duara ndogo ya uongo inampoteza. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka msiogope kuweka pini sahihi, kwani mfumo wenyewe huwaficha wengi wao. Umma unaona eneo pana la digrii 0.2 kwa 0.2, kama kilomita 22 kila upande.

4. Casual si tusi.

Jakaranda za mjini zimepandwa. Weka alama kwamba zimepandwa, zitakwenda Casual, daraja la rekodi zisizoweza kuwa Research Grade, na hakuna atakayekugombeza. Usipoweka, mtu mwingine ataweka na wewe utaanza kuandika maelezo marefu. Ng'ombe wa jirani naye ni huko huko. Kilichonichosha zaidi ni rekodi moja yenye picha za viumbe wanne: kunguru, kima, ua na mguu wa mwenzenu. Rekodi moja, kiumbe mmoja. Picha nyingi za kiumbe huyo huyo, ruksa, tena nawaomba.

5. Jibuni maswali.

Mhakiki akiuliza "una picha nyingine ya mdomo?" hakutukani, anajaribu kukupandisha. Nina rekodi zenu kadhaa za mbuga ile nimeziachia Alaudidae na swali hilo hilo chini yake. Najua mlipiga picha nyingi kuliko mlizopakia, nilikuwepo, niliwasikia mkibonyeza. Fungueni zile mlizoziona mbaya, tafuteni yenye mdomo au mkia uliofunguka, muiongeze kwenye rekodi ile ile. Na mkigundua jina mliloweka si lenyewe, bonyezeni Withdraw leo, kabla hamjasahau nywila.